Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mradi wetu wa Kuosha Magari, Dodoma

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliikabidhi kamati sehemu ya akiba yetu pamoja na agizo la kuanzisha mradi wa kuosha magari hapa Dodoma. Mradi umeanza na unafanya kazi. Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitawaeleza jinsi tulivyopata maji, tulivyonunua vifaa, tulivyopanga bei na tulivyowapata wateja wa kampuni, ili mnapopigia kura mapendekezo ya kamati mjue yametoka wapi.

Naanza na maji, maana ndiyo yaliyotuchukulia muda mwingi kuliko yote. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, na tangu Serikali ihamie hapa watu wameongezeka kwa kasi. Kwenye kiwanja chetu bomba la DUWASA hutoka kwa mgao. Ndiyo maana baadhi yenu mlishauri tuchimbe kisima kirefu, tuachane na bili. Kamati iliona tuyajaribu kwanza maji ya chini ya eneo lile. Tuliomba madumu machache kwenye kisima cha jirani, tukaosha boneti ya gari jeusi saa sita mchana, tukaiacha ikauke yenyewe juani. Ilipokauka ilikuwa imejaa madoa meupe ya mviringo, na kila doa lilikuwa na ukingo mkavu unaosikika kwa ukucha. Sabuni nayo iligoma kutoa povu. Hiyo ni chokaa na chumvi: maji yanakauka, madini yanabaki juu ya rangi. Mwenye gari jeusi akiondoka na madoa yale harudi tena, hata bei iwe nafuu namna gani. Isitoshe, kisima kinataka kibali cha bodi ya maji ya bonde, na gharama ya kuchimba ni ile ile ukipata maji matamu au ya chumvi.

Kwa hiyo tulijenga hifadhi. Tuna matangi mawili ya lita 5,000. Tangi la kwanza linapokea maji na kuyatuliza. Bomba lake la kutolea limefungwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili mchanga na tope vibaki chini visifuate maji. La pili ndilo linalolisha mashine. Bomba likikawia tunaita boza. Maji ya kisima cha jirani tunayanunua pia, lakini tunayatumia kwenye matairi na chini ya gari tu. Bodi huoshwa na kusuuzwa kwa maji ya bomba, tena kivulini, na hufutwa kwa taulo kabla haijakauka. Turubai la kivuli lililohojiwa kwenye kikao cha robo ya pili lilinunuliwa kwa sababu hiyo.

Maji machafu nayo yana njia yake. Hayaruhusiwi kutiririka barabarani wala kwenye mfereji wa mvua, na jirani yeyote anaweza kutushtaki kwa haki kabisa. Tumejenga chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza hukamata mchanga. Ya pili hushika oili inayoelea, kwa sababu bomba la kutokea limepinda kwenda chini na kuchota maji ya katikati. Ya tatu hupeleka maji kwenye shimo. Chemba ya kwanza isipozolewa kila wiki maji hurudi sakafuni, na dalili ya mapema ni sakafu kuanza kuteleza.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mashine ndogo za presha zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani tulizipita. Mota zake nyingi zina kaboni, na zikifanya kazi mfululizo hupata moto na kuungua. Tulichukua yenye mota isiyo na kaboni na pampu inayotiwa oili, kilowati 3, presha ya baa 130, inayotoa lita 11 kwa dakika. Kilichotupatia shida ni oili sili. Mwoshaji alikuwa akiachia bunduki ili apake sabuni huku mashine ikiendelea kuunguruma, na maji yale yale yakazunguka ndani ya pampu hadi yakachemka. Fundi alipoifungua, sili zilikuwa zimekakamaa na kupasuka. Ukiona matone chini ya pampu au oili imegeuka rangi ya maziwa, ujue maji yameshaingia. Sasa ni sheria: bunduki ikiwekwa chini, mashine inazimwa. Vingine ni kifyonza vumbi, mashine ya povu, brashi za rimu na taulo za mikrofaiba. Taulo za bodi zina rangi tofauti na za matairi, kwa sababu chembe moja ya mchanga kwenye taulo huchora gari zima.

Sasa bei. Hili ndilo lililoleta mjadala mkali kwenye vikao, na naomba nilieleze polepole. Jirani zetu wanaosha gari dogo kwa shilingi 4,000. Sisi tunatoza 6,000, na wapo wanachama waliosema tunafukuza wateja. Kamati haikuanza na bei ya jirani; ilianza na lita. Mpira wa kawaida ulioachwa wazi humwaga lita 20 au zaidi kwa dakika, na mwoshaji hauzimi anaposugua, kwa hiyo gari moja linakunywa lita 200 kwa urahisi. Kwa mashine yetu bunduki hushikwa kama dakika 6 kwa gari dogo, yaani lita 66. Ongeza ndoo mbili za sabuni na kusuuza taulo, unafika kama lita 100.

Maji ya boza yanatugharimu shilingi 9 kwa lita, kwa hiyo gari dogo linachukua maji ya 900. Mwoshaji analipwa 2,000 kwa gari. Shampuu na dawa ya dashibodi 300, umeme haufiki 200, na kodi ya kiwanja ikigawanywa kwa magari ya mwezi ni kama 600. Tunatenga 400 kwa ajili ya kutengeneza na hatimaye kubadilisha mashine. Jumla ni 4,400. Siku ya boza, gari la 6,000 linatuachia 1,600. Siku ya bomba maji hushuka hadi kama 300, na tunabaki na 2,200. Tungetoza 4,000, kila gari siku ya boza lingetutoa 400 mfukoni, na tungeona foleni ndefu tukidhani biashara imeshamiri. Jirani anaweza kutoza 4,000 kwa sababu hatengi fedha ya mashine na kiwanja ni chake.

Pikapu, Noa na Landkruza ni 10,000, kwa kuwa zinachukua lita 150 na muda unaokaribia mara mbili. Haisi ni 10,000 pia, bodaboda 2,000. Gari lililotoka shambani na tope chini linalipa 5,000 zaidi kwa kuoshwa chesesi, na bei hiyo hutajwa mbele ya mteja kabla maji hayajafunguliwa. Ugomvi wote wa bei tuliousikia mwaka huu ulitokana na bei iliyotajwa baada ya kazi.

Hata kwa bei nzuri, tulikuwa na tatizo la siku. Jumamosi na Jumapili waoshaji hawapumui, Jumatatu hadi Alhamisi wanakaa kwenye benchi. Wateja wa kampuni wanafaa hapo, kwa sababu magari ya kazi huoshwa siku za kazi. Tulipeleka barua kwenye ofisi nyingi na hazikujibiwa. Kilichofanya kazi ni kumfuata ofisa usafirishaji, si mkurugenzi, na kumwomba atuletee gari lake moja chafu kuliko yote, tulioshe bure. Yule wa kwanza kukubali alituletea pikapu iliyotoka vijijini. Tulipomaliza hakuangalia bodi hata kidogo. Alifungua mlango, akapitisha kidole kwenye bawaba na ukingo wa chini, akainua zulia la mpira upande wa dereva, akanusa. Kidole kilitoka safi. Tangu siku ile waoshaji wote wanaanza na milango.

Kampuni hiyo ina magari 12, pikapu na Landkruza, kila moja huoshwa mara moja kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi tu. Tulikubaliana 8,000 badala ya 10,000. Kwa wiki nne ni mara 48, sawa na 384,000. Lakini ndugu zangu, hiyo siyo fedha inayoingia. Kampuni hukata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 19,200, tunapokea 364,800. Cheti cha zuio lazima tukidai, kwa sababu kinapunguza kodi yetu ya mapato TRA. Bila cheti fedha hiyo imepotea. Tena malipo huja baada ya ankara kupita mikononi mwa watu wengi. Mkataba unasema siku 30, mara nyingine zimezidi. Waoshaji hawawezi kungoja. Kwa kila gari la kampuni tunamlipa mwoshaji 3,000 jioni ile ile, na kwa magari yale 48 ni 144,000 tunazotoa kabla hatujaona senti. Maji na sabuni bado. Ndiyo maana kamati imekataa kuchukua kampuni ya pili kwa mkopo mpaka tuwe na akiba ya mzunguko ya miezi miwili.

Udhibiti wake ni kitabu cha vocha chenye nakala. Namba ya gari huandikwa kabla halijaingia, usomaji wa kilomita huandikwa, dereva anasaini, nakala moja anaondoka nayo. Orodha ya magari 12 imebandikwa ukutani, kwa sababu palijitokeza dereva aliyeleta gari lake binafsi na kutaka liingie kwenye vocha ya ofisi. Vitu vilivyomo ndani ya gari vinakaguliwa pamoja na dereva kabla ya kuanza. Mwisho wa mwezi ankara inaambatanishwa na vocha zote na risiti ya EFD. Bila EFD mhasibu wa kampuni haigusi.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mambo matatu mbele yenu. La kwanza ni tangi la tatu la lita 10,000, ili tununue maji ya bomba yanapotoka na kupunguza boza. La pili ni kutenga shilingi 500,000 kuwa akiba ya mzunguko kwa wateja wa kampuni, isiguswe kwa mikopo ya wanachama. La tatu ni kukisajili kikundi kwenye mfumo wa NeST ili tuweze kuomba zabuni za taasisi za umma. Hili la tatu naliunga mkono kwa sharti kwamba la pili lipite kwanza.

Mashine ya pili iliyoombwa na baadhi yenu haimo kwenye mapendekezo. Mashine iliyopo bado inapumzika sehemu kubwa ya siku nne za wiki.

Mwenyekiti