Usajili wa mashua na leseni za uvuvi: majina yalingane

Ndugu wanachama,

Kwa sisi tunaoishi Nairobi huku mashua zetu zikivua Mbita au Shimoni, nawaomba mlitazame jina la mmiliki kabla ya jambo lingine lolote. Cheti cha usajili hutambulisha chombo na mwenye chombo, ilhali leseni ya uvuvi hulipiwa kando na huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo kuwa na kimoja hakukuondolei wajibu wa kingine.

Chukulieni mfano wa mwenzetu aliyenunua mashua ya faiba iliyokwisha kutumika, akalipa na kupewa cheti ambacho bado kina jina la muuzaji. Huyu aanze na hati ya mauziano iliyotiwa saini na pande zote mbili, yenye namba za vitambulisho, urefu wa mashua na namba ya injini, kisha aipeleke kwa uongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufukwe, yaani BMU, cha bandari yake na kwa afisa wa uvuvi ili umiliki ubadilishwe. Leseni iombwe baada ya hapo.

Alama za usajili ubavuni zifanane na cheti herufi kwa herufi. Fundi akipaka rangi upya, mwombeni picha ya pande zote mbili, kwani 8 iliyochakaa husomeka kama 3.

Orodha ya mabaharia ianze na nahodha, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, si majina ya utani ya ufukweni. Baharia akibadilika, orodha nayo ibadilishwe.