Makato ya mkeka yasiyoonekana kwenye ukurasa wenu wa michezo

Mhariri,

Gazeti lako likifika kijiweni kwetu Mbagala Rangi Tatu siku ya Ijumaa, ukurasa wa michezo ndio wa kwanza kuchomolewa. Unapita mkono kwa mkono, ikifika adhuhuri umeshalowa jasho na grisi ya cheni. Wanaougombania hawasomi habari za usajili. Wanatafuta lile jedwali la odi za kubeti, na kile kiboksi chenu cha mkeka wa wikendi, ile orodha ya mechi za kubetia kwa pamoja.

Sikuandikii ili mlitoe jedwali. Naomba muongeze mstari mmoja chini yake, na kabla sijausema nieleze kwanza nilikoupata.

Nina mwaka wa 11 kwenye bodaboda, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilibeti miaka minne, kwa hiyo hapa hasemi mtu aliyekaa barazani anawahukumu wapita njia. Miaka yote minne sikujua kwamba nakatwa, kwa sababu yale makato hayaandikwi popote. Ukituma pesa kwa simu unaambiwa ada ni kiasi gani. Kwenye mkeka, ada imo ndani ya odi.

Chukua mechi ambayo matokeo yake ni nusu kwa nusu, yaani hili au lile, hakuna la tatu. Odi ya haki hapo ni 2.00: weka buku, ukipatia unachukua mbili. Kampuni itakupa 1.85 hivi upande huu na 1.85 upande ule. Sasa wewe na jirani yako wekeni buku buku, kila mmoja upande wake. Kampuni imepokea 2,000, na yeyote atakayeshinda atalipwa 1,850. Ile 150 imebaki, na mpira haujaanza. Ni sawa na shilingi 75 kwa kila elfu moja. Hapo mtu atasema si nyingi, na kwa mechi moja ana haki ya kusema hivyo.

Lakini nani anabeti mechi moja? Kijiweni mkeka wa mechi moja ni wa wazee. Vijana wanatandika mechi kumi ili buku izae laki nne na ushee. Na hapo ndipo kisu kinapoingia, kwa sababu odi zinapozidishwa, makato nayo yanazidishwa. Toa sarafu ya 200 mfukoni, yenye sura ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Irushe mara kumi. Nafasi ya kupata Karume mara zote kumi ni moja kati ya 1,024. Malipo ya haki kwa buku iliyopita tundu hilo yangekuwa shilingi 1,024,000. Piga 1.85 mara yenyewe kumi kwenye kikokotoo cha simu: utapata kama 469.6, yaani utalipwa takriban 469,600, na kodi ya ushindi bado haijakatwa. Zaidi ya nusu ya haki yako imebaki kwao. Kwenye mechi moja walichukua 75 katika kila elfu, kwenye mkeka wa kumi wanachukua kama 540. Ndiyo maana wanatoa bonasi kwa mkeka mrefu na si kwa mfupi. Hata wakikuongezea asilimia 40 juu ya hiyo 469,600, hujafika 660,000.

Kuna jambo jingine ndani ya sarafu hiyohiyo, na hili ndilo lililonishika mimi miaka minne. Njia za kupatia zote kumi ni moja tu. Njia za kukosa moja pekee ni kumi, kwa sababu inaweza kuchana mechi ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, hadi ya kumi. Kwa maneno mengine, "nimechaniwa na mechi moja tu" inatokea mara kumi zaidi ya mkeka kutiki. Mbetaji anaichukulia kama dalili kwamba amekaribia. Mimi nilikuwa nahifadhi picha za mikeka ya namna hiyo kwenye simu, kama mtu anayehifadhi vyeti.

Sasa nikuletee mtu. Pale kijiweni kuna kijana, hapa nitamwita Dogo maana ndivyo ninavyomwita. Anaendesha pikipiki ya watu, hesabu ya bosi 8,000 kwa siku. Mwaka jana alinijia akitaka kukopa pesa ya tairi la nyuma. Nikamuuliza anabeti kiasi gani.

"Kaka, mimi nabeti kidogo tu. Jero, buku. Na nakulaga."

Sikubishana naye. Tulikaa kwenye benchi la mama lishe tukaomba taarifa ya miamala ya siku 90 kwenye akaunti yake ya pesa ya simu, tukaanza kupiga mistari kwa kalamu. Ilituchukua karibu saa nzima. Alikuwa ametuma pesa kwenye kubeti mara 131, jumla 214,500. Zilizorudi zilikuwa mara tatu: 40,000, 12,000 na 9,000, jumla 61,000. Zilizopotea ni 153,500, kama 1,700 kwa siku.

Dogo alikataa. Akasema alishinda zaidi ya mara tatu, na alikuwa mkweli. Ushindi mwingine hakuutoa kabisa. Ulibaki kwenye akaunti ya kubeti ukabetiwa tena mpaka ukaisha, kwa hiyo simu haikuuona. Kichwani mwake aliuhesabu kuwa pato. Mtu anayetaka kujua anavuja kiasi gani asiulize alishinda mara ngapi. Aangalie kilichotoka kwenye simu na kilichorudi kwenye simu, basi.

Kumwambia aache isingesaidia. Niliambiwa hivyo na mke wangu miaka minne. Mkeka una sifa moja ambayo akiba ya kawaida haina: unatoa jibu leo jioni. Ukimwambia kijana "weka akiba uje ujenge", umempa mechi itakayoisha baada ya miaka 15. Kwa hiyo tulianza na kitu alichokuwa anakihitaji wiki ileile, tairi, ambalo fundi wetu alisema ni 48,000. Kwa 12,000 kwa wiki, ambayo ni pesa ileile ya mikeka, ni wiki nne. Alinunua kibubu cha mbao, akaandika TAIRI kwa kalamu ya wino mzito, akakikabidhi kwa mama lishe. Kila siku alipokunywa chai asubuhi alitumbukiza 1,700 au 2,000. Asubuhi, Mhariri, si jioni. Pesa ikiachwa kwenye simu hadi jioni inakutana na meseji ya bonasi na mechi ya saa moja usiku. Noti iliyoingia kwenye mbao haibetiki.

Kibubu kilivunjwa wiki ya tano, kwa sababu siku mbili mvua ilimgomesha. Tairi lilifungwa palepale kijiweni, na siku hiyo nilimwona anaizunguka pikipiki ya bosi kama ameinunua yeye.

Baada ya tairi ndipo alipoingia kwenye kikundi. Tupo 22, tunakutana Jumapili saa mbili asubuhi. Hisa moja ni 2,000 na mtu ananunua kuanzia moja hadi tano. Ukinunua, unapigiwa mhuri kwenye kitabu chako mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku. Mwisho wa mwaka tunagawana akiba pamoja na riba iliyotokana na mikopo. Lengo la Dogo ni kianzio cha pikipiki ya mkataba. Mwenye pikipiki anataka 600,000 mkononi, kisha apelekewe 10,000 kwa siku mpaka iwe yake. Hisa tano kwa wiki 52 ni 520,000. Riba ikiwa nzuri atakaribia, ikiwa mbaya atapungukiwa, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Ile 2,000 inayobaki kila wiki inakwenda kwenye kibubu kipya cha matengenezo, maana asipokuwa nacho, klachi ikifa itakula kianzio.

Wiki ya sita alikuja na hisa moja. Kwenye kitabu kulikuwa na mihuri mitano, mitano, mitano, mitano, mitano, halafu mmoja na nafasi nne nyeupe. Hakuna aliyemuuliza. Jumamosi ilikuwa na mechi, kila mtu alijua. Zile nafasi nne bado zipo kwenye kitabu na hazijazwi baadaye, ndio utaratibu wetu.

Kosa kubwa tungeweza kulifanya sisi, si yeye. Mwanachama wetu anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kwa mbetaji hilo ni kumwekea petroli karibu na jiko: amechangia 60,000, anaondoka na 180,000, na kesho ni mechi za Ulaya. Tulikubaliana naye kwamba kwa miezi sita hakopi, na baada ya hapo mkopo wake unalipwa kwa fundi au kwa muuza vipuri moja kwa moja, hagusi noti. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza hilo la fundi.

Na si kila mtu anafaa njia hii. Anayebeti hesabu ya bosi, aliyeweka simu ya mkewe rehani, anayeamka usiku kuangalia ligi asiyoijua hata nchi yake, huyo mumsaidie aombe kampuni imfungie akaunti, na apelekwe hospitali kwenye huduma za afya ya akili. Kibubu hakitamtosha.

Sasa ombi langu. Chini ya jedwali la odi, na chini ya ule mkeka wenu wa wikendi, chapeni mstari mmoja: katika kila elfu moja inayowekwa kwenye mkeka huu, kiasi gani hakitarudi kwa wachezaji. Hesabu yake si ngumu, mwandishi wenu wa michezo anaimaliza kwa kikokotoo kabla chai haijapoa. Bei ya mkate mnaichapa, nauli mnazichapa. Hii nayo ni bei.

Dogo yuko wiki ya 31. Jumapili ya dabi ya Simba na Yanga alikuja mapema kuliko wote, akanunua hisa tano, akaweka 2,000 kwenye kibubu, akakaa pembeni kwenye benchi na simu yake. Nilimwona akibeti mia tano, mechi moja. Nikaendelea kufunga daftari.

Dereva na katibu wa kikundi,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba lisichapwe.)