Barua ya Kuulizia Kabla ya Kuleta Maombi ya Tangi la Maji ya Mvua

Ndugu Mratibu wa Miradi,

Yah: Kutaka kujua kama mradi wetu unaingia katika vipaumbele vyenu

Sisi ni kamati ya shule ya msingi ya serikali wilayani Arumeru, upande wa Mlima Meru. Tumesoma kwamba mnafadhili afya ya watoto. Mradi wetu ni wa ujenzi, ndiyo maana tunauliza mapema tusiwapotezee muda.

Maji ya bomba letu yana floraidi. Maabara ilikuta miligramu 6 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Meno ya wanafunzi wengi yana mabaka ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki palepale. Ya kufulia na kudekia tutaendelea kuyachota bombani, ila ya kunywa na ya kupikia uji tunataka yatoke mawinguni.

Wanafunzi ni 420. Kwa lita 2 kila mmoja, siku moja inakula lita 840, na kuanzia Juni hadi vuli ianze tunahesabu siku 90 za masomo. Jumla ni lita 75,600, ndiyo maana tunataka tangi la lita 80,000. Mapaa mawili ya bati yana mita za mraba 400. Masika ikiwa haba, tuseme milimita 300 tu, na tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, bado tunapata lita 96,000.

Makadirio ya fundi ni shilingi milioni 28. Katika harambee wazazi wamechanga milioni 6, mbali na mchanga na mawe ambayo tayari yako uwanjani.

Tunaomba mtujibu haya. Je, mnafadhili ujenzi, au mafunzo na vifaa peke yake? Je, mchanga, mawe na siku za kazi za wazazi mnavihesabu kama mchango wetu, na kwa bei ya nani? Shule ni ya halmashauri, nasi hatuna usajili wa asasi. Fedha zinaweza kupitia akaunti ya shule?

Swali linalotukera zaidi linahusu msingi wa tangi. Wazazi wanataka kuuchimba mwezi huu. Tumesikia wafadhili wengine hawalipii kazi iliyoanza kabla ya mkataba. Kama nanyi ni hivyo, tutawazuia, ingawa haitakuwa kazi rahisi, maana waliochanga wanataka kuona jembe likigusa ardhi.

Tangi linapaswa kukamilika kabla ya Machi, gata zikiwa zimefungwa. Kama uamuzi wenu hutoka baada ya hapo, au mradi haumo kabisa katika mipango yenu, tuambieni hivyo waziwazi; mkutano ujao wa wazazi utaamua kama tuanze na tangi dogo kwa fedha tuliyonayo.

Wenu,
Mwenyekiti, Kamati ya Shule