Barua ya wazi kwa Waziri wa Vijana: sura ya shinikizo rika iandikwe upya

Mheshimiwa Waziri,

Nimesoma rasimu ya mtaala wa somo la Vijana, na sura moja imenikosesha raha. Ni ile inayohusu shinikizo rika na majaribio ya sigara, pombe na bangi. Mimi ni mkufunzi wa watu watakaokwenda kufanya kazi na vijana, na sura hiyo ndiyo watakayoibeba kazini. Nakuomba isichapishwe kama ilivyo.

Rasimu inaeleza shinikizo rika kuwa ni kitendo cha kijana kumshawishi au kumlazimisha mwenzake. Kisha inaagiza wanafunzi wafanye maigizo: mmoja anatoa sigara, mwingine anakataa kwa sauti thabiti. Ushawishi wa namna hiyo upo, sikatai. Lakini mara nyingi mambo hayaendi hivyo.

Fikiria wavulana watano wenye miaka 14 wamekaa nyuma ya jengo baada ya masomo. Mmoja anawasha sigara, anavuta, anampa wa pili bila kusema neno. Wa pili hapendi moshi, ila anawatazama wengine na hamwoni aliyekunja uso. Anavuta. Wa tatu naye alikuwa na wasiwasi, lakini amemwona wa pili akivuta kwa utulivu, basi anaamini kwamba mwoga ni yeye peke yake. Sigara inapomfikia wa tano, imeshapita mikononi mwa watu watatu wasioitaka, na yeye anaona wenzake wanne walioizoea. Hakuna aliyemwambia mwenzake “vuta”. Hilo “hapana” walilofundishwa kwenye maigizo wangemwambia nani?

Kinachowasukuma hapo ni mambo mawili. La kwanza ni macho ya wenzao. Mwaka 2011 Jason Chein, Laurence Steinberg na wenzao walichapisha jaribio ambalo vijana na watu wazima walicheza mchezo wa kuendesha gari huku ubongo wao ukipimwa. Mara wanacheza peke yao, mara wanajua marafiki zao wanawatazama kutoka chumba kingine. Wale wa umri wa kubalehe walijihatarisha zaidi walipojua wanatazamwa, na sehemu za ubongo zinazohusika na kutarajia raha zilichangamka zaidi. Kwa watu wazima haikuwa hivyo. Kwa hiyo kijana anayejibu vizuri darasani kuhusu madhara ya bangi, kisha akaivuta jioni mbele ya wenzake, si lazima awe mnafiki. Alichokijibu anakijua kweli, ila mbele ya wenzake raha inayotarajiwa huwa na uzito mwingine.

La pili, na ndilo ninalotaka lipewe nafasi kubwa, ni makisio yasiyo sahihi. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walionyesha kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton waliamini wenzao wanaufurahia ulevi wa chuoni kuliko wao wenyewe. Karibu kila mmoja alijiona wa pembeni, kumbe wa pembeni walikuwa wengi. Wale wavulana watano wamenaswa na jambo hilohilo.

Mkufunzi anaweza kulionyesha kwa karatasi tu. Tuseme darasa lina wanafunzi 40. Kila mmoja anapewa fomu isiyo na jina, ya kuweka alama ya vema tu ili mwandiko usimtambulishe, na anaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku. Swali la kwanza: katika siku 30 zilizopita, umevuta sigara? La pili: katika kila wenzako 10, unadhani wangapi wamevuta? Tuseme 6 wanakiri kuvuta, yaani asilimia 15, lakini wastani wa makisio ni 5 katika 10, yaani asilimia 50. Pengo la asilimia 15 na 50 ndilo somo lenyewe. Linatokea kwa sababu anayevuta huonekana na kusimuliwa, ila aliyerudi nyumbani akalala hana hadithi ya kusimuliwa. Matokeo yakisomwa mbele ya darasa, wale 34 wanagundua kwamba wao ndio wengi.

Watakaouliza kama vijana hawatadanganya wana haki ya kuuliza. Watafiti huchomeka kwenye orodha ya dawa za kulevya wanazouliza jina la dawa isiyokuwepo duniani. Anayedai kuitumia, fomu yake inawekwa kando. Tena kuna mahali zoezi hili halifai kabisa. Kundi likiwa dogo sana, majibu yatamfichua mtu. Na darasa likionyesha kwamba wavutaji ni 28 kati ya 40, kuwatangazia takwimu hiyo ni kuwasukuma wale 12 waliobaki. Hapo mkufunzi anyamaze na atafute njia nyingine. Rasimu iseme hivyo waziwazi, maana mkufunzi mgeni hatalikumbuka akiwa mbele ya wanafunzi.

Hili limeshapimwa shuleni. William Hansen na John Graham, katika utafiti wao wa mwaka 1991 huko California, walilinganisha mafunzo ya kukataa na mafunzo ya kusahihisha makisio ya wanafunzi kuhusu wenzao. Yaliyopunguza kuanza kutumia pombe, bangi na sigara ni yale ya kusahihisha makisio. Mafunzo ya kukataa peke yake hayakufua dafu. Naona sababu si ngumu: ukimfundisha mtoto wiki nzima namna ya kukataa, unamwambia pia kwamba huko nje kila mtu anatoa.

Jambo jingine ambalo rasimu imeliruka ni uchaguzi wa marafiki. Tukiwakuta wale 6 wanaovuta wakitembea pamoja, haraka tunasema kundi baya limewaharibu. Lakini huenda walikuwa wanavuta kabla ya kujuana, wakavutana kwa sababu hiyo. Denise Kandel, mwaka 1978, alifuatilia marafiki wawili wawili wa sekondari katika jimbo la New York kwa mwaka wa masomo, akaona kwamba vyote viwili vipo, tena kwa uzito unaokaribiana: vijana huchagua wanaofanana nao, kisha huzidi kufanana. Anayepima mara moja tu hawezi kuvitenganisha. Ni lazima aulize mwanzoni mwa mwaka na mwishoni, nani rafiki wa nani na nani anavuta, kisha aangalie kipi kilitangulia. Kwa kuwa hapo majina yanahitajika, fomu zitumie namba za siri zinazotunzwa na mtu asiyefundisha darasa hilo.

Hili lina uzito katika maamuzi ya wizara yako. Tukiamini kila kitu ni ushawishi, tutawakusanya vijana wanaovuta katika kambi moja ili tuwashauri vizuri. Thomas Dishion na wenzake walionya mwaka 1999 kwamba programu za kuwaweka pamoja vijana wenye mienendo hatarishi zinaweza kuwazidishia tatizo, hasa uvutaji wa tumbaku, kwa sababu kijana anayesimulia utundu wake huchekewa na wenzake, na kicheko hicho humpa moyo wa kuendelea.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yabadilike kabla ya uchapaji. Maana ya shinikizo rika ipanuliwe ijumuishe shinikizo lisilosemwa. Zoezi la fomu liingizwe pamoja na masharti yake, na maigizo ya kukataa yabaki kipindi kimoja baada yake. Na mtihani wa mwisho umpe mwanafunzi kisa cha marafiki wanaovuta, aeleze angekusanya taarifa gani, na lini, kabla ya kusema nani alimwambukiza nani.

Fomu ninazozitumia na wanafunzi wangu nimeziambatisha kwenye nakala iliyopelekwa ofisini kwako.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa somo la Vijana