Barua kwa mwanangu: sado ya tano

Mwanangu,

Jumapili uliponiambia, "Mama, nikiuza mboga nitaonekanaje?" sikukujibu kwa sababu shangazi yako alikuwa amekaa pale. Nakujibu sasa. Sitakuambia kazi ni kazi. Maneno hayo niliambiwa na mimi, na bado siku moja nilimwona mwalimu wako wa darasa la nne akija njiani, nikafunika sinia langu la nyanya kwa kanga, nikajifanya nimekaa kupumzika. Alipofika aliniuliza, "Za shilingi ngapi?" Ikabidi nifunue.

Siku ile niligundua kwamba nyanya hazikuwa zikinitia aibu. Kilichonichoma ni kukaa chini nikisubiri, kila apitaye ananitazama. Basi na wewe jiulize, unachokikimbia ni mboga au ni kile kigoda? Maana kuna mboga zinazouzwa bila kigoda.

Mama lishe wanaopikia mafundi na madereva wanawasha moto alfajiri. Hawana muda wa kwenda Ilala sokoni kisha warudi kupika. Mtu anayepokea oda zao jioni kwa simu, akanunua alfajiri, akawafikishia kabla ya saa moja na nusu asubuhi, hakai popote. Saa tatu umeshaoga, na kama una bahasha zako za kuomba kazi za kupeleka maofisini, peleka.

Sasa sikiliza hesabu, wewe uliyesomea uhasibu. Bei hubadilika kila siku, kwa hiyo nachukua za mfano tu. Umenunua ndoo ya nyanya ya lita 20 kwa 20,000, na bodaboda kakutoza 2,000. Ndoo hiyo inatoa sado tano za lita nne. Ukiuza kila sado 5,500 unapata 27,500, kwa hiyo mkononi inabaki 5,500. Lakini mara nyingi haiwi hivyo. Sado moja itakuwa imepondeka au imeiva kupita kiasi. Ukiiacha mpaka kesho ikaoza, umeuza nne kwa 22,000, yaani ile ile uliyotoa. Umeamka saa kumi bure. Ukiipeleka asubuhi hiyo hiyo kwa anayepika mchuzi wa maharage, hata kwa 2,500, umerudi na 2,500. Faida yako yote inakaa kwenye sado ya tano, na wengi wanaoanza hawaioni kwa sababu wanatazama zile nne nzuri.

Kwa hiyo pale sokoni usinunue ndoo kwa kutazama juu. Juu hupangwa zinazong'aa. Omba imiminwe, muuzaji akikataa, mwache, nenda kwa mwingine. Ukikuta ndoo ina maji chini, ujue kuna zilizopasuka. Ukifika nyumbani zigawe mara tatu: za leo laini, za kesho nyekundu lakini ngumu, za keshokutwa zenye ukijani kwenye kikonyo. Usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitatoka jasho. Ndoo moja ni ya kujifunzia. Ukizoea, bodaboda yule yule atabeba na ya pili, na hoho juu yake.

Kitakachokuuma zaidi ya macho ya watu ni mali kauli. Mama lishe atasema, "Niachie, jioni nakutumia." Wengine hutuma. Mimi niliwahi kuacha mzigo wa siku nne kwa mtu mmoja, siku ya tano nikakuta banda limefungwa. Weka sharti tangu siku ya kwanza: mzigo wa leo haushuki mpaka wa jana ulipwe. Andika kwenye daftari mbele yake, aone. Hapo ndipo diploma yako inaponipita mimi, maana nilikuwa nakumbuka madeni kwa kichwa, na kichwa kina huruma.

Mwezi wa Ramadhani wengi hawapiki mchana, oda zitapungua. Usinunue kwa mazoea. Wakati wa masika mchicha wa mabondeni huzama, bei inapanda, na mama lishe atakulaumu wewe. Mpigie usiku umwambie bei kabla hujanunua.

Kama hata hili hulitaki, kuna kisamvu cha kutwanga na kufunga kwa wanaotoka kazini jioni, nalo lina pesa, ila linataka mikono na maji safi, nawe najua hupendi kutwanga.

Ijumaa nakwenda Ilala. Natoka saa kumi na nusu. Vaa viatu vya kufunika vidole, pale pana tope, na usije na ule mkoba mweupe. Sado ninayo. Ukitaka kujitanda mtandio mpaka puani, jitande. Saa hizo kuna giza na baridi, hakuna atakayeuliza.

Mama yako