Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa kampuni ya maji: deni la mwenye ploti, kiu ya mpangaji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni wakili, na wapangaji waliokatiwa maji huja kwangu mara kwa mara. Sitataja ploti ya mtu. Tuchukue ya mfano: vyumba 12, watu 46, mita moja iliyoandikishwa kwa jina la mwenye ploti. Kila chumba humlipa shilingi 500 za maji kwa mwezi pamoja na kodi. Yeye hazifikishi kwako. Deni linafika shilingi 84,000, ilani inatumwa kwenye simu yake, na asubuhi moja vijana wako wanakuja, wanang'oa mita na kuziba bomba.

Je, kisheria mlikuwa na haki ya kufanya hivyo?

Najua wakili wako ataanzia wapi. Atasema kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 hautaji maji popote. Ni kweli. Kifungu cha 11 kinataja chakula, mavazi na makazi, na cha 12 kinataja afya. Lakini chakula, mavazi na makazi vimetajwa kama sehemu tu ya maisha ya kiwango cha kutosha, na ndiyo maana mwaka 2002 Kamati inayosimamia mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Na. 15, ilisema kwamba maji yamo humo. Atajibu kuwa maoni ya Kamati si mkataba. Hilo nalo ni kweli, ila halimfikishi mbali. Katika ploti yetu wamo watoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 24, unataja maji safi ya kunywa kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 1990, na kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria yetu. Halafu kifungu cha 43 cha Katiba chenyewe kinampa kila mtu maji safi na salama ya kutosha, pamoja na viwango vinavyofaa vya usafi. Mvutano huo tuuache hapo.

Maoni Na. 15 hayasemi maji ni ya bure. Yanaruhusu bili, na hata kukata. Ila kabla ya kukata, walioguswa wapewe taarifa kamili na muda wa kutosha, wasikilizwe, wawe na pa kulalamikia. Na kama sababu ni kutolipa, uwezo wao wa kulipa uangaliwe. Hata hapo, hakuna mtu wa kuachwa bila kile kiwango cha chini kabisa cha maji. Sasa yaweke masharti hayo kwenye ploti yetu. Ilani ilimfikia mtu asiyeishi pale. Wapangaji hawakuulizwa lolote, na wao si wadeni: walishalipa. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 nayo inataka anayeathiriwa apewe taarifa na nafasi ya kujieleza, bila kujali mita ina jina la nani.

Utasema haki hizi hutekelezwa hatua kwa hatua, kadiri fedha zinavyoruhusu. Utetezi huo unamfaa anayeulizwa kwa nini bomba halijafika kijiji fulani. Hapa bomba lilikuwepo, nanyi mkaliondoa. Mwaka 2001 mahakama ya Johannesburg, katika kesi ya wakazi wa Bon Vista Mansions, ilisema kuwa kukata maji yaliyokuwepo ni kuingilia haki, na anayekata ndiye wa kujieleza. Sitakuficha kwamba mwaka 2009, katika kesi ya Mazibuko, Mahakama ya Katiba ya huko huko ilikataa kuweka idadi ya lita na ikakubali mita za kulipia kabla. Kesi hiyo itakusaidia tukibishania lita ngapi. Haikusaidii pale mtu anapobaki na sufuri.

Kuna jambo ambalo fomu yenu ya kukata maji hailioni: choo. Ploti hii imeunganishwa na bomba la majitaka, na tangi la choo la zamani humwaga kama lita 9 kwa mara moja. Mtu anayebeba mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku akimwaga mara mbili amebaki na lita 2 za kunywa, kupikia na kuoga. Kwa hiyo hatamwaga. Choo kitaziba, na majitaka yatatokea uani. Mmekata haki mbili kwa spana moja.

Ninachokuomba si kusamehe shilingi 84,000. Mshtaki mwenye ploti. Anakusanya kodi kila mwezi, na mahakama inaweza kuikamata. Ilani ibandikwe langoni, kwa Kiswahili, na itaje chumba cha ofisi ambako mpangaji atasikilizwa. Wapangaji wakubaliwe kulipa bili ya mwezi unaoendelea moja kwa moja kwenu. Ikibidi kubana, fundi apunguze mkondo badala ya kuuziba: lita 50 kwa kila mtu ni lita 2,300 kwa siku kwa ploti nzima. Na zile mita mlizokwisha kung'oa kwenye ploti za namna hii, zirudisheni kwanza, ndipo tuanze kuhesabu deni.