Barua kwa muuzaji: transmita ya presha inayokatika na kurudi yenyewe

Kwa Meneja wa Huduma,

KUH: TRANSMITA YA PRESHA KATIKA MTAMBO WETU WA KUONDOA CHUMVI, LAMU

Nakuandikia kuhusu mojawapo ya transmita mbili mlizotuuzia, za baa 0 hadi 16 na miliampia 4 hadi 20, iliyofungwa baada ya pampu kubwa. Presha yetu ya kawaida ni baa 10, hivyo ishara inapaswa kuwa miliampia 14.

Tarehe 3 Mei, saa 12:50 asubuhi, pampu ilijizima kwa kuwa kidhibiti kilisoma presha ya chini. Tulidhani hewa imeingia kwenye bomba la kuvutia maji, tukalikagua, tukakuta halina kasoro. Tarehe 9 Mei, baada ya mvua ya usiku, ilitokea mara mbili, na safari hii fundi alikuwa amesimama mbele ya geji ya mshale: geji ilionyesha baa 10 huku skrini ikiandika hasi 0.5. Tangu hapo tulijua presha yenyewe haikushuka.

Tarehe 10 Mei tuliunganisha mita yenye kumbukumbu katika njia ya waya, na tarehe 14 ikanasa tukio: mkondo ulishuka ghafla kutoka miliampia 14 hadi 3.5, ukakaa hapo sekunde 40, kisha ukarudi. Naomba mtazame hapa kwa makini, kwa sababu waya uliokatika ungetoa sifuri, ilhali 3.5 ni ishara ambayo transmita hutoa yenyewe inapogundua hitilafu ndani yake. Umeme kwenye vituo vyake vya waya wakati huo ulikuwa zaidi ya volti 20, kwa hiyo haikuwa upungufu wa umeme.

Tarehe 15 Mei tulizibadilishana transmita hizo mbili mahali, bila kugusa waya. Hitilafu ikahama pamoja na kifaa, ikajitokeza upande wa pili tarehe 18 na 22, daima ndani ya saa moja ya kuwasha mtambo asubuhi. Nashuku unyevu ulioingia ndani ya kifaa, lakini tarehe 18 usiku wake haukuwa na mvua, kwa hiyo siwezi kulisema hilo kwa uhakika.

Kila pampu inapojizima tunalazimika kumwaga maji ya dakika za kwanza, kwa kuwa chumvi huwa imepenya kwenye chujio, na wachukuzi hungoja na punda wao na madumu matupu.

Naomba mtutumie transmita mbadala kabla hatujairejesha hii, maana mzigo hupita Mokowe na kuvushwa kwa mashua, nasi hatuna akiba. Itakapowafikia, tafadhali msiipime dakika chache mezani na kutuandikia kwamba ni nzima; iacheni usiku kucha penye unyevu, muiwashe asubuhi, na mrekodi mkondo kwa muda wa saa mbili. Rekodi zetu zote nimeziambatanisha.

Wako mwaminifu,
Mwendeshaji wa Mtambo, Lamu